COUNTIF, MATCH au SUMPRODUCT: ipi ikujibu kama neno limo kwenye orodha?

Una orodha ya misimbo kwenye safu A ya Excel. Mtu anaandika msimbo wake kwenye seli D2, nawe unataka jibu moja tu: umo au haumo. Akiandika KB-12, kb-12 au Kb-12, kwako ni mamoja. Ukiwauliza watu watatu waliozoea Excel, huenda kila mmoja akakupa fomula yake, na ukizijaribu kwa maneno mawili matatu zote zitakujibu vilevile. Sasa unachagua ipi?

Kabla ya yote, suala la herufi kubwa na ndogo lisikusumbue. Wengi huanza kwa kuzungushia UPPER au LOWER kila upande ili herufi zilingane. Kazi hiyo ni ya bure. Alama ya = ndani ya Excel haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na COUNTIF na MATCH ni hivyohivyo. Miongoni mwa zinazotofautisha ni EXACT na FIND. Ukinakili fomula mahali ikakataa kb-12 wakati KB-12 imo, angalia kama moja ya hizo mbili imejificha ndani yake.

Fomula hizi zinaachana kwingine. Kila moja, mbali na ukubwa wa herufi, ina mambo mengine inayoyahesabu kuwa sawa bila kukuambia. Nililijua hilo kwa aibu. Niliwahi kutengeneza laha ya kukagua misimbo, nikaweka COUNTIF, nikaijaribu mara kadhaa, nikaikabidhi. Siku ya pili mwenzangu akaniita nione: aliandika kinyota kimoja tu, `*`, na seli ya pembeni ikajibu TRUE. Orodha haikuwa na msimbo wowote wenye kinyota.

## Tunazipima kwa lipi

Nitazipima zote kwa maswali yaleyale manne. La kwanza, inafanya nini mtu akiandika alama kama `*`, `?` au `>`? La pili, inaonaje namba 15 na maandishi "15", ambayo kwa macho yetu hayana tofauti? La tatu, inafanya nini kukiwa na nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno, au seli ikiwa tupu? La nne ni dogo: inafanya kazi kwenye Excel ya zamani, na inahimili orodha ndefu?

Orodha ya majaribio ni fupi, nami nimeichafua makusudi. Fomula zitaangalia A2 hadi A10.

| Seli | Kilichomo |
|---|---|
| A2 | KB-12 |
| A3 | Kb-14 |
| A4 | 007, imehifadhiwa kama maandishi |
| A5 | 15, imehifadhiwa kama namba |
| A6 | TX-9, ikifuatwa na nafasi moja isiyoonekana |
| A7 hadi A10 | tupu, zikisubiri misimbo mipya |

Kama Excel yako inakataa koma ndani ya fomula, usidhani umekosea. Kwa mipangilio ya baadhi ya nchi, mahali pa koma huwekwa nukta mkato.

## COUNTIF

Inavyoandikwa

```
=COUNTIF(A2:A10,D2)>0
```

COUNTIF huhesabu ni seli ngapi zinatimiza sharti. Sehemu ya `>0` ndiyo inayogeuza idadi hiyo kuwa TRUE au FALSE. Ukiisahau utapata 1, au 2 ikiwa msimbo umerudiwa, na anayesoma atajiuliza hiyo 2 ni ya nini.

Alama. COUNTIF haisomi D2 kama neno la kutafuta. Inaisoma kama sharti, na udhaifu wake wote unatokana na hapo. Kwenye sharti, `*` ni maandishi yoyote ya urefu wowote, na `?` ni herufi moja yoyote. Kwa hiyo mtu akiandika `kb*` anapata TRUE, kwa kuwa KB-12 na Kb-14 zote zinaanza na KB. Alama za kulinganisha zikiwa mwanzoni nazo zinafanya kazi: `>a` maana yake ni "maandishi yanayokuja baada ya a kwa mpangilio wa alfabeti", na misimbo yetu mitatu inayoanza na herufi inatimiza hilo. TRUE tena.

Namba na maandishi. Kinachofanana na namba, COUNTIF hukichukulia kuwa namba, hata kama umekihifadhi kama maandishi. Andika 7 na itakubali kwamba 007 ndiyo hiyohiyo. Wakati mwingine unashukuru, maana 15 ya maandishi na 15 ya namba zinakutana bila usumbufu. Lakini kama 007 na 7 ni vitu viwili tofauti kwako, umedanganywa. Kwenye tarakimu nyingi ni mbaya zaidi. Excel hubeba tarakimu 15 tu za namba, basi misimbo miwili ya tarakimu 16 inayotofautiana kwenye tarakimu ya mwisho tu, COUNTIF huiona kuwa mmoja, hata ikiwa yote miwili ni maandishi.

Nafasi na utupu. Nafasi ya mwishoni haiisamehe: tx-9 inapata FALSE kwa sababu A6 ina herufi moja zaidi. D2 ikiwa tupu, inajibu FALSE kwenye orodha yetu. Lakini D2 ikiwa na fomula inayorudisha `""`, sharti linakuwa "hesabu zilizo tupu", na A7 hadi A10 zinakupa TRUE.

Toleo na urefu. Ipo hata kwenye Excel za zamani sana. Hupitia orodha nzima hata ikishaliona neno mapema, jambo ambalo hulihisi mpaka fomula iwe kwenye maelfu ya mistari.

Inamfaa anayeandika mwenyewe na kuangalia mwenyewe, kwenye orodha ya majina au maneno ya kawaida. Inamfaa pia anayekitaka hicho kinyota, ili ajue kama kuna msimbo wowote unaoanza na KB. Kwake huo si udhaifu, ndio msaada wenyewe.

## MATCH

Inavyoandikwa

```
=ISNUMBER(MATCH(D2,A2:A10,0))
```

MATCH hurudisha nafasi ya neno kwenye orodha: 1 likiwa la kwanza, 2 likiwa la pili, na #N/A lisipokuwepo. ISNUMBER inauliza tu kama kilichorudi ni namba. Ile 0 mwishoni usiiache. Bila hiyo MATCH hudhani orodha imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa na hutafuta iliyo karibu, kisha inaweza kukwambia "ipo" kwa kitu ambacho hakipo.

Alama. Hapa wengi hushangaa. Hata ukiweka 0, ambayo kila mtu huieleza kuwa ni ya "kulingana kabisa", MATCH bado huheshimu `*` na `?` pale D2 ikiwa maandishi. Kinyota cha mwenzangu kingepita hapa pia. Tofauti na COUNTIF ni kwamba `>a` kwake ni maandishi ya kawaida, na jibu ni FALSE.

Kinyota kinaweza kuzuiwa kwa kukitangulizia alama ya kiwimbi, `~`, inayomaanisha "hii isome kama ilivyo". Kiwimbi chenyewe nacho kinahitaji kiwimbi, na lazima kishughulikiwe kwanza, la sivyo utaviharibu vile ulivyoviongeza wewe mwenyewe:

```
=ISNUMBER(MATCH(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(
 D2,"~","~~"),"*","~*"),"?","~?"),A2:A10,0))
```

Inafanya kazi, ila anayekuja kuisoma mwaka kesho atakulaani kidogo. Isitoshe, SUBSTITUTE hurudisha maandishi daima, kwa hiyo namba 15 uliyoandika D2 inageuka maandishi na haitaipata tena 15 ya namba iliyo A5.

Namba na maandishi. Ni kali. Maandishi "15" hayalingani na namba 15, na 7 hailingani na 007. Mwenye misimbo yenye sifuri mwanzoni atapenda ukali huu. Mwenye orodha iliyoletwa kutoka mfumo mwingine, yenye nusu namba na nusu maandishi, atasumbuka bila kujua kwa nini. Njia ya kutambua ni rahisi: panua safu bila kugusa mpangilio wake. Kwa kawaida namba hukaa kulia kwa seli na maandishi hukaa kushoto. Ukitaka uhakika, `=ISTEXT(A5)` itakwambia.

Nafasi na utupu. Nafasi ya mwishoni inaiangusha kama COUNTIF. D2 ikiwa tupu, kwenye orodha yetu inajibu FALSE.

Toleo na urefu. Nayo ni ya zamani, na husimama mara inapolipata neno. Ukiwa na mistari mingi ya kukagua, na mingi kati yake imo mwanzoni mwa orodha, faida hiyo inaonekana. Ina kikomo cha herufi 255 kwa maandishi unayotafuta: yakizidi hapo hutoa kosa, ISNUMBER inalifunika, na wewe unaona FALSE tu.

Inamfaa anayetaka zaidi ya ndiyo au hapana. Nafasi ile ile aliyoitupa kwa ISNUMBER, kesho anaweza kuipeleka kwenye INDEX ili alete maelezo ya safu ya jirani.

## SUMPRODUCT

Inavyoandikwa

```
=SUMPRODUCT(--(A2:A10=D2))>0
```

Sehemu ya `A2:A10=D2` inalinganisha kila seli na D2, na kutoa TRUE na FALSE tisa. Vistari viwili `--` vinazigeuza kuwa 1 na 0, SUMPRODUCT inazijumlisha, na `>0` inatoa jibu. Utaona pia watu wakiandika `=OR(A2:A10=D2)`, ambayo ni fupi na inafaa kwenye Excel 2021 na Microsoft 365. Kwenye matoleo ya nyuma lazima uikamilishe kwa Ctrl+Shift+Enter. Ukibonyeza Enter peke yake, inaangalia seli ya mstari uleule tu, na jibu linakuwa la bahati nasibu. SUMPRODUCT haina sharti hilo.

Alama. Alama ya = haina tafsiri yoyote. Kinyota ni kinyota, `>a` ni `>a`. Zote zinapata FALSE isipokuwa zimo kweli kwenye orodha.

Namba na maandishi. Ni kali kama MATCH, lakini ukali huu unaweza kuulegeza kwa kiasi unachotaka, kwa kuwa unaruhusiwa kuisafisha orodha yenyewe ndani ya fomula:

```
=SUMPRODUCT(--(TRIM(A2:A10)=TRIM(D2)))>0
```

TRIM huondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, na katikati huacha moja moja. Pia hugeuza kila kitu kuwa maandishi, pande zote mbili. Kwa hiyo 15 ya namba na 15 ya maandishi sasa zinalingana, huku 007 na 7 zikibaki tofauti, kwa kuwa kama maandishi hazifanani. Kwa misimbo, huo ndio usawa ambao watu wengi huutaka bila kujua namna ya kuuomba. COUNTIF haikuruhusu kufanya hivi: inataka safu ya seli halisi, si matokeo ya fomula nyingine.

Nafasi na utupu. Ikiwa na TRIM, tx-9 inapata TRUE hatimaye. Ila kuna shimo. D2 ikiwa tupu, na A7 hadi A10 ni tupu, basi tupu ni sawa na tupu, na jibu ni TRUE. Mtu hajaandika chochote na laha inamwambia "umo". Kinga yake ni hii:

```
=IF(TRIM(D2)="",FALSE,
 SUMPRODUCT(--(TRIM(A2:A10)=TRIM(D2)))>0)
```

Udhaifu wa pili: seli moja tu ya orodha ikiwa na kosa kama #N/A, jibu zima linakuwa #N/A. COUNTIF na MATCH hulipita kosa hilo na kuendelea.

Toleo na urefu. Inafanya kazi kwenye Excel zote za kawaida. Kwa seli moja ya kukagua hutahisi kitu. Ukiivuta chini kwa mistari elfu kumi dhidi ya orodha ya elfu kumi, utaona kompyuta ikitafakari, kwa sababu kila mstari unalinganisha na kusafisha orodha nzima upya.

Inamfaa anayempa mtu mwingine seli ya kuandika, na hawezi kujua ataandika nini.

## Matokeo yakiwekwa pamoja

| Kilichoandikwa D2 | COUNTIF | MATCH | SUMPRODUCT | SUMPRODUCT na TRIM |
|---|---|---|---|---|
| kb-12 | TRUE | TRUE | TRUE | TRUE |
| kb* | TRUE | TRUE | FALSE | FALSE |
| >a | TRUE | FALSE | FALSE | FALSE |
| 7 (namba) | TRUE | FALSE | FALSE | FALSE |
| 15 (maandishi) | TRUE | FALSE | FALSE | TRUE |
| tx-9 | FALSE | FALSE | FALSE | TRUE |
| (tupu) | FALSE | FALSE | TRUE | TRUE |

Mstari wa kwanza ndio ambao kila mtu huujaribu kabla ya kukabidhi kazi, na ndio pekee ambao fomula zote zinakubaliana.

Safu ya mwisho nayo isikuteke haraka. TRIM huondoa nafasi ya kawaida tu. Misimbo iliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti mara nyingi huja na nafasi ya aina nyingine, yenye namba 160, ambayo kwa macho ni ileile na TRIM haiigusi. Ukiona neno limo na fomula inasisitiza FALSE, pima urefu: `=LEN(A6)` kwa TX-9 safi ni 4. Ikikupa 5, uliza herufi ya mwisho ni ipi kwa `=UNICODE(RIGHT(A6,1))`. Jibu likiwa 32, TRIM inatosha. Likiwa 160, safisha orodha mara moja kwa `=TRIM(SUBSTITUTE(A6,UNICHAR(160)," "))` kwenye safu ya pembeni, kisha bandika thamani zake juu ya zile za zamani. Usiiingize kwenye fomula ya kukagua. Itakuwa ndefu bure, na uchafu utabaki palepale ukisubiri fomula nyingine.

## Uchague kulingana na hali yako

Kama unaandika mwenyewe na orodha yako ni ya majina yasiyo na alama, chukua COUNTIF. Ni fupi, kila mtu anaisoma, na mitego yake haikuhusu.

Kama misimbo ni tarakimu ndefu, za 16 au zaidi, iache COUNTIF kabisa. Weka safu A na D2 kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote, kwa sababu Excel ikishaipokea kama namba hugeuza tarakimu za baada ya 15 kuwa sifuri na hazirudi. Halafu MATCH au SUMPRODUCT itafaa.

Kama unakagua maelfu ya mistari, MATCH ndiyo ya kuanzia. Na kama wote watakaoifungua laha wana Excel 2021 au Microsoft 365, kuna ndugu yake mdogo:

```
=ISNUMBER(XMATCH(D2,A2:A10))
```

XMATCH haitofautishi herufi kubwa na ndogo, haihitaji ile 0, na haisikilizi kinyota mpaka uiombe. Kwa namba na maandishi ni kali kama MATCH. Mmoja tu kati yao akiwa na Excel ya zamani, ataona #NAME? fomula ikikokotolewa upya, kwa hiyo uliza kwanza.

Kama seli ya kuandikia iko mikononi mwa watu wengine na orodha imetoka mahali usipopadhibiti, chukua SUMPRODUCT yenye TRIM, pamoja na ile kinga ya utupu. Ukitaka isome kwa Kiswahili badala ya TRUE na FALSE, izungushie IF:

```
=IF(TRIM(D2)="","",
 IF(SUMPRODUCT(--(TRIM(A2:A10)=TRIM(D2)))>0,
 "Ndiyo","Hapana"))
```

Hapa D2 ikiwa tupu jibu nalo linabaki tupu, kwa kuwa kumwambia "Hapana" mtu ambaye hajaandika kitu ni kumtisha bure. Lakini kama kuna fomula nyingine inayotegemea seli hii, baki na TRUE na FALSE, na haya maneno yaweke kwenye seli ya pembeni.